Kilo Zimeongezeka, Bei Imepanda, Mauzo Yameshuka

Mwenye duka anafunga hesabu za Oktoba na haamini anachokiona. Mwezi huu ameuza mchele mwingi kuliko Septemba. Bei alipandisha mwenyewe, tena ya kila aina ya mchele aliyonayo. Hata hivyo jumla ya mauzo imeshuka kwa shilingi 1,275,000. Anarudia kujumlisha, jibu ni lile lile.

Duka hili ni la mfano. Tulifikirie kama mojawapo ya maduka ya jumla ya nafaka pale Tandale, Dar es Salaam, linalouza aina tatu tu za mchele: super ya Kyela, mchele wa Shinyanga, na chenga. Kilo na bei nimezipanga ziwe rahisi kufuatilia, lakini mkanganyiko wenyewe ni wa kweli na hutokea katika biashara yoyote inayouza bidhaa za bei tofauti. Hesabu ya kuutatua ni kuzidisha na kutoa tu, ila lazima ifanywe kwa mpangilio.

Septemba duka liliuza kilo 10,000 na kupata shilingi 27,600,000. Oktoba liliuza kilo 10,500 na kupata 26,325,000. Jambo la kwanza ambalo mwenye duka hulifanya ni kugawanya fedha kwa kilo. Septemba anapata wastani wa shilingi 2,760 kwa kilo, Oktoba anapata 2,507. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kilo moja inaonekana kuuzwa kwa shilingi 253 chini ya mwezi uliopita, na yeye anajua alipandisha bei. Basi anahitimisha kwamba kijana anayekaa dukani ama anawapunguzia wateja bei, ama fedha inaishia mfukoni mwake. Kwa hesabu hii ya wastani mtu anaweza kufukuzwa kazi bila kosa lolote.

Tuifungue sasa jumla hiyo, aina kwa aina.

| Aina | Kilo Septemba | Bei Septemba | Kilo Oktoba | Bei Oktoba |
|---|---|---|---|---|
| Super ya Kyela | 4,000 | 3,200 | 2,000 | 3,300 |
| Shinyanga | 5,000 | 2,600 | 5,000 | 2,650 |
| Chenga | 1,000 | 1,800 | 3,500 | 1,850 |

Ukitazama safu hizi, kisa kinaanza kujitokeza. Hakuna aina iliyouzwa kwa bei ya chini kuliko Septemba. Kilichobadilika sana ni kilo za super, zilizopungua kwa nusu, na kilo za chenga, zilizozidi mara tatu na nusu. Lakini kuona tu hakutoshi. Mwenye duka anahitaji kujua kila badiliko limeleta au limeondoa shilingi ngapi, kwa sababu fedha ndiyo itakayomwambia aanze kushughulikia lipi.

Mauzo ya mwezi hubadilika kwa njia tatu. Unaweza kuuza kilo nyingi zaidi au chache zaidi kwa jumla. Huo tuuite wingi. Unaweza kubadilisha bei ya kitu kile kile. Na unaweza kuuza kilo zile zile kwa bei zile zile, lakini zikaegemea zaidi upande wa bidhaa ghali au upande wa bidhaa rahisi; huo ni mchanganyiko. Njia mbili za kwanza kila mfanyabiashara anazifahamu. Ya tatu ndiyo inayopoteza watu, maana haionekani kwenye kibao cha bei wala kwenye jumla ya kilo.

Tuanze na wingi. Jiulize: kama kilo zingebadilika kwa jumla tu, bei zikabaki za Septemba na mgawanyo wa aina ukabaki wa Septemba, mauzo yangebadilikaje? Kilo zimeongezeka 500. Kilo ya wastani ya Septemba ilileta shilingi 2,760. Zidisha, unapata 1,380,000. Hicho ndicho kiasi ambacho mauzo yangepanda kama duka lingeendelea kuuza vile vile, ila zaidi kidogo.

Sasa ruka kwenye bei, kwa sababu nayo ni nyepesi. Chukua kilo zilizouzwa Oktoba kwa kila aina, uzizidishe kwa nyongeza ya bei ya aina hiyo. Super ni kilo 2,000 mara shilingi 100, yaani 200,000. Shinyanga ni kilo 5,000 mara 50, yaani 250,000. Chenga ni kilo 3,500 mara 50, yaani 175,000. Jumla ni shilingi 625,000. Kupandisha bei kumefanya kazi yake.

Kufikia hapo duka lilipaswa kuwa limepanda kwa zaidi ya milioni mbili: 1,380,000 za wingi na 625,000 za bei. Badala yake limeshuka 1,275,000. Mchanganyiko ndio uliomeza tofauti hiyo, na thamani yake ni hasi ya shilingi 3,280,000.

Sipendi mtu aishie kwenye kutoa tu, kwa sababu namba iliyopatikana kama masalio haimweleweshi chochote. Afadhali tuipate kwa njia yake. Septemba, katika kila kilo 10, kilo 4 zilikuwa super, 5 Shinyanga na 1 chenga. Kilo 10,500 za Oktoba zingegawanyika vivyo hivyo, super ingekuwa 4,200, Shinyanga 5,250 na chenga 1,050. Linganisha na kilichouzwa. Super imepungukiwa kilo 2,200, Shinyanga imepungukiwa 250, na chenga imezidi kilo 2,450. Yaani nafasi ya kilo 2,200 za super imechukuliwa na chenga, na kila kilo hapo ilipoteza shilingi 1,400, tofauti ya 3,200 na 1,800. Hizo ni 3,080,000. Nafasi ya kilo 250 za Shinyanga nayo imechukuliwa na chenga, kwa tofauti ya shilingi 800 kila kilo. Hizo ni 200,000. Jumla, 3,280,000. Imekubali hadi shilingi ya mwisho.

Kwa hiyo maelezo kamili ya Oktoba ni haya: wingi umeongeza 1,380,000, bei imeongeza 625,000, mchanganyiko umeondoa 3,280,000, na kilichobaki ni pungufu ya 1,275,000. Kijana wa dukani hana hatia. Wastani wa kilo umeshuka kwa sababu kapu la Oktoba lilikuwa na chenga nyingi, wala si kwa sababu mtu alipunguza bei.

Anayetumia Excel hahitaji kurudia haya kwa kalamu kila mwezi. Weka majina ya bidhaa kwenye safu ya A, kilo za mwezi uliopita B, bei zake C, kilo za mwezi huu D, na bei zake E, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 4. Kisha andika fomula tatu, kwa mpangilio wa wingi, mchanganyiko na bei:

```
=(SUM(D2:D4)-SUM(B2:B4))*SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
=SUMPRODUCT(D2:D4,C2:C4)-SUM(D2:D4)*SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
=SUMPRODUCT(D2:D4,E2:E4-C2:C4)
```

Majibu matatu yakijumlishwa lazima yalingane na tofauti ya mauzo ya miezi miwili. Yasipolingana, kuna bei au kilo iliyoingizwa vibaya, au umesahau bidhaa. Jambo moja la kuangalia: hapa mchango wa bei umehesabiwa kwa kilo za mwezi mpya. Kuna wahasibu wanaouhesabu kwa kilo za mwezi wa zamani. Kwa duka letu wangepata 700,000 badala ya 625,000, na ile 75,000 inayozidi wangeitafutia mahali pengine pa kuiweka. Njia zote mbili zinakubalika. Kisichokubalika ni kutumia hii mwezi huu na ile mwezi ujao, kisha ukajidanganya kwamba biashara ndiyo iliyobadilika.

Namba tatu tumezipata, lakini bado hatujajua kilichotokea. Hapa ndipo wengi huacha, na kwa maoni yangu ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kusema "mchanganyiko umeshuka" ni sawa na kusema wateja wamehama kutoka super kwenda chenga, na huenda si kweli hata kidogo. Hesabu ilizungumza juu ya nafasi za kilo. Haikusema mtu yeyote amehama.

Ili kujua, mwenye duka anarudi kwenye daftari la mauzo ya kila siku. Tuseme daftari linaonyesha kwamba super iliuzwa kuanzia tarehe 1 hadi 15 Oktoba, kisha ikakatika kabisa, maana mzigo ulikwisha na mwingine haukuletwa. Gawanya kilo 2,000 kwa siku 15, unapata kilo 133 kwa siku. Septemba ilikuwa kilo 4,000 kwa siku 30, nayo ni kilo 133 kwa siku. Wateja wa super hawajapungua hata mmoja, na nyongeza ya shilingi 100 haikuwatisha. Walikuja, wakakuta gunia tupu, wakaenda duka la jirani.

Na zile chenga? Daftari lile lile linaonyesha kwamba kilo 2,400 zilichukuliwa na shule moja ya bweni iliyoanza kununua mwezi huo. Ukiziondoa, chenga za wateja wa kawaida, wakiwemo mama lishe na wapika vitumbua, ni kilo 1,100, karibu sawa na Septemba. Hivyo mambo mawili yasiyohusiana yametokea kwa pamoja: duka limepata mteja mpya mkubwa wa bidhaa rahisi, na limeishiwa bidhaa yake ghali. La kwanza ni habari njema. La pili ni tatizo. Kwenye namba moja ya mchanganyiko yote mawili yanasomeka kama hasara.

Wingi nao unahitaji kuangaliwa kwa jicho hilo hilo. Septemba ina siku 30, Oktoba ina 31. Duka lililouza kilo 10,000 kwa siku 30 huuza kama kilo 333 kwa siku, kwa hiyo siku moja ya ziada peke yake inaeleza kilo 333 kati ya zile 500 zilizoongezeka. Ukuaji wa kweli ni kilo kama 167, na tukikumbuka kwamba shule ilichukua 2,400, ni wazi kwamba bila shule duka lingeshuka vibaya. Mwenye duka akisherehekea 1,380,000 za wingi bila kuhesabu siku, atakuwa anasherehekea kalenda. Kwa Februari inayolinganishwa na Januari kosa hili huwa kubwa zaidi, na kwa Ramadhani linageuka jambo jingine, kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka wa kawaida. Duka la mchele, sukari au tende likilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana linaweza kuwa linalinganisha mwezi wenye futari na usio nayo.

Sasa tuje kwenye faida, kwa sababu mpaka hapa tumezungumzia mauzo tu, na mauzo si faida. Tuseme Septemba duka lilinunua super kwa 2,900, Shinyanga kwa 2,350 na chenga kwa 1,500. Oktoba mchele ulipanda huko unakotoka, likanunua kwa 3,000, kwa 2,400 na kwa 1,550. Ziada kwa kilo imebaki ile ile: 300 kwa super, 250 kwa Shinyanga, 300 kwa chenga. Hilo peke yake ni fundisho kuhusu zile 625,000 za bei. Zote zimekwenda kwa waliomuuzia, na mfukoni mwa mwenye duka haikuingia hata senti.

Kisha jumlisha ziada ya mwezi mzima. Septemba ni 1,200,000 za super, 1,250,000 za Shinyanga na 300,000 za chenga, jumla 2,750,000. Oktoba ni 600,000, 1,250,000 na 1,050,000, jumla 2,900,000. Mauzo yameshuka kwa 1,275,000, lakini ziada imepanda kwa 150,000, kabla ya kodi ya pango, mishahara na umeme. Chenga ambazo kwenye mauzo zilionekana zinaliangusha duka, kwa kilo zinaacha sawasawa na super, tena kwa mtaji wa nusu. Mwenye duka ambaye angesoma mauzo tu angeweza kumkatalia yule mteja wa shule mzigo wa mwezi ujao. Angekuwa anafukuza fedha.

Ndiyo maana nashauri hesabu hii ifanywe mara mbili, kwanza kwa bei ya kuuzia, kisha kwa ziada ya kila kilo. Fomula ni zile zile. Unabadilisha tu safu za bei na kuweka ziada mahali pake. Majibu mawili yakielekea upande mmoja, umepata uhakika. Yakipingana, kama hapa, ziada ndiyo ya kufuata, maana ndiyo inayolipa pango.

Hesabu hii ina mipaka yake. Imefaa kwa mchele kwa sababu vyote vinapimwa kwa kilo. Duka linalouza mchele, mafuta ya kupikia na sabuni haliwezi kujumlisha kilo, lita na vipande halafu likaita jumla hiyo wingi. Hapo fanya kila kundi peke yake: mchele kwa kilo, mafuta kwa lita, sabuni kwa katoni, kisha ujumlishe majibu ya shilingi. Hata ndani ya kundi, kuwa mwangalifu na bidhaa ulizozifunga pamoja. Ukiandika "mchele" tu bila kutenga aina, mchanganyiko wote utajificha ndani ya bei, na utarudi kwenye ile 2,507 iliyomtia kijana mashakani. Kinyume chake, duka lenye bidhaa mia nne halina haja ya kutenga kila moja. Tenga zile zinazoleta sehemu kubwa ya fedha, nyingine ziweke fungu moja.

Bidhaa mpya nayo haina bei ya mwezi uliopita, kwa hiyo usilazimishe kuiingiza. Iandike mstari wake peke yake, ujumlishe mauzo yake yote kama nyongeza ya bidhaa mpya, na iliyoachwa kuuzwa vivyo hivyo upande wa kupungua. Bei iwe ile uliyolipwa kweli baada ya punguzo, siyo iliyoandikwa ukutani. Mara nyingi mteja wa jumla hupewa shilingi 50 chini bila mtu kuandika popote, na punguzo hilo ndilo unalotaka hesabu ikuonyeshe. Na usichanganye mauzo na makusanyo. Mteja wa Agosti akikulipa deni lake kwa simu mwezi Oktoba, hiyo si sehemu ya mauzo ya Oktoba, hata kama fedha imeingia siku hiyo.

Turudi kwa mwenye duka, kwa sababu sasa anajua la kufanya. Super ikikuwepo siku zote 31 kwa kilo 133 kwa siku, angeuza kama kilo 4,130. Aliuza 2,000. Kilo 2,130 hivi alizokosa zingempa ziada ya karibu shilingi 640,000, zaidi ya mara nne ya nyongeza aliyoipata. Kununua mzigo huo kwa 3,000 kungehitaji mtaji wa karibu milioni 6.4. Swali lake la Novemba basi ni moja: mtaji huo ulikuwa wapi tarehe 15 Oktoba? Huenda ulikuwa umefungwa kwenye chenga za shule, ambayo pengine hulipa baada ya siku 30. Kama ndivyo, jibu linaweza kuwa kuiomba shule ilipe nusu wakati wa kupokea mzigo, au kuomba muda kwa anayekuletea Kyela. Kubadilisha bei hakutasaidia, na kumbadilisha muuzaji hakutasaidia.

Haya yote yamewezekana kwa sababu daftari lilikuwa na vitu vinne kwa kila mauzo: tarehe, aina, kilo na bei. Daftari lenye jumla ya fedha ya siku tu lisingeweza kujibu hata swali moja. Kama lako ni la namna hiyo, ongeza safu hizo kuanzia kesho asubuhi, na uandike pia siku ambayo bidhaa yoyote imekwisha dukani.